Barua Pepe Moja Ndani ya Faili Moja

Mtu anayeishi Boko akiletewa kwa barua pepe taarifa ya kusitishwa kwa ajira yake, jambo la kwanza analofanya ni kupiga picha ya skrini na kuirusha WhatsApp kwa shemeji au kaka anayeelewa mambo ya sheria. Kesho yake anapita steshenari kando ya Barabara ya Bagamoyo, anaprinti nakala mbili na kuziweka kwenye bahasha ya kaki. Ndugu wamesoma, wamemshauri, na bahasha iko kabatini. Tatizo linakuja siku wakili anapomwambia, "Dada, karatasi nimeiona. Sasa naomba hiyo barua pepe yenyewe." Dada anatoa simu na kuonyesha picha ileile.

Anachoomba wakili ni faili ambalo mwisho wa jina lake kuna herufi `.eml`. Ni barua pepe moja tu iliyotolewa kwenye sanduku lako jinsi ilivyofika, pamoja na viambatisho vyake na rekodi ya njia iliyopita, ikawekwa kwenye faili linaloweza kubebwa kwenye flashi na kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Kulitengeneza ni kazi ya dakika chache. Kulifikisha salama na kulifungua huko linakokwenda ndiko watu wengi wanakojikwaa, kwa hiyo huko nitakaa zaidi.

Nitatumia mfano wa kutunga, ila mambo yake ni ya kawaida kabisa. Dada mmoja wa Boko Basihaya ni karani wa hesabu katika kampuni ya mjini. Ijumaa ya tarehe 14 Machi 2025, jioni, ofisi ya rasilimali watu inamtumia barua pepe kwenye Gmail yake binafsi kumweleza kwamba mkataba wake umesitishwa kuanzia siku hiyo. Ndani kuna kiambatisho, barua ya kurasa tatu iliyoskaniwa kuwa PDF. Akitaka kulalamikia kuachishwa huko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ana siku 30 tu, kwa hiyo kabla ya katikati ya Aprili awe amefungua shauri. Siku na saa ambayo taarifa ilimfikia si jambo dogo kwake, na hapo ndipo picha ya skrini inapoishiwa nguvu: inaonyesha alichokiona kwenye kioo cha simu, haionyeshi ujumbe ulitoka kwenye seva gani, ulipokelewa lini, wala kiambatisho kilikuwa na nini.

Wengine huona njia rahisi ni kumtumia wakili ujumbe huo kwa kubonyeza `Forward`. Hapo inatengenezwa barua pepe mpya kabisa. Mtumaji sasa ni wewe, tarehe ni ya leo, na maneno ya mwajiri yamegeuka kuwa maandishi yaliyonukuliwa chini, ambayo ungeweza kuyabadilisha kabla ya kutuma na hakuna ambaye angejua. Rekodi ya safari ya ujumbe wa kwanza haipo tena. Wakili atasoma habari, lakini hatakuwa ameshika kitu cha kusimama nacho mbele ya msuluhishi.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakubali ujumbe wa kielektroniki upokelewe kama ushahidi, kisha inaeleza mambo ya kuangaliwa katika kuupima uzito: njia iliyotumika kuutengeneza, kuutunza na kuusafirisha inaaminika kiasi gani, ukamilifu wake ulilindwaje, na aliyeutuma alitambuliwaje. Ukiyasoma mambo hayo huku umeshika faili la eml, utaona kwamba sehemu kubwa ya majibu inaanzia humo ndani.

Sasa kulitoa. Programu ya Gmail ya kwenye simu haina kitufe cha kazi hii, na ndiyo sababu watu wengi hawajawahi kukiona. Unahitaji kompyuta. Fungua `mail.google.com`, ingia kwenye akaunti, kisha fungua ujumbe wenyewe. Upande wa kulia wa ujumbe, karibu na alama ya kujibu, kuna vidoti vitatu vilivyosimama wima. Bonyeza hapo na uchague `Download message`. Faili linashuka kwenye folda ya `Downloads`, likiwa na jina linalotokana na kichwa cha habari cha ujumbe.

Kuna mtego hapa. Gmail hukusanya majibizano yote yenye kichwa kimoja na kuyapanga kama mazungumzo, na kila ujumbe ndani yake una vidoti vyake. Tuseme dada yetu alimjibu mwajiri Jumamosi kuomba ufafanuzi, na mwajiri akajibu Jumatatu. Akifungua mazungumzo, ujumbe wa Jumatatu ndio uliokunjuliwa na ule wa Ijumaa umejikunja juu kama mstari mmoja. Akibonyeza vidoti vya kwanza anavyoviona, anaondoka na ujumbe wa Jumatatu. Pengine chini yake maneno ya Ijumaa yamenukuliwa, naye akadhani ameyapata yote, kumbe nukuu hiyo haina kiambatisho wala rekodi ya safari. Aubonyeze kwanza ule wa Ijumaa ukunjuke, ahakikishe tarehe, ndipo atumie vidoti vya ujumbe huohuo. Kama ujumbe wa Jumatatu nao una maana kwenye shauri, apakue faili la pili. Kila ujumbe, faili lake.

Wanaotumia barua pepe ya ofisi kupitia Roundcube, ule ukurasa ambao kampuni nyingi ndogo hupewa na watu wanaowahifadhia tovuti, watapata `Download` chini ya `More`, na kinachoshuka ni eml. Kwenye Outlook ya kivinjari tafuta `Save as` ndani ya vidoti vitatu. Ukipewa kuchagua kati ya EML na MSG, chukua EML, kwa sababu MSG ni umbo la Outlook ambalo programu nyingi za wengine hazilisomi. Outlook ya zamani iliyowekwa kwenye kompyuta huhifadhi kwa MSG, hivyo mwenye hiyo ni afadhali aingie kwa kivinjari. Thunderbird inahifadhi eml moja kwa moja ukibonyeza `Ctrl+S`. Neno la tahadhari kwa anayetoa ujumbe kwenye akaunti ya ofisi: chukua barua uliyoandikiwa wewe kuhusu ajira yako. Kubeba barua za wateja au hesabu za kampuni kunaweza kukufungulia shauri lingine, na safari hiyo wewe ndiye utakayekuwa mlalamikiwa.

Sasa kwa asiye na kompyuta nyumbani, maana yake ni steshenari. Kuna mambo mawili ambayo mwenye duka anaweza asikwambie. La kwanza, fungua dirisha la faragha la kivinjari, kwa Chrome ni `Ctrl+Shift+N`, uingie kwenye akaunti humo. Ukilifunga, akaunti yako haibaki wazi kwa mteja anayefuata. La pili, dirisha hilo halifuti ulichopakua. Faili lako lenye barua ya kuachishwa kazi linabaki kwenye `Downloads` ya kompyuta ya dukani hata baada ya kufunga kila kitu, na kesho mtu anayetafuta fomu yake analikuta. Ukishalihakiki kama nitakavyoeleza hapa chini na kulinakili kwenye flashi, rudi `Downloads`, lichague, bonyeza `Shift` pamoja na `Delete` ili lisipitie kwenye pipa la taka. Usimwachie kijana wa dukani akufutie. Na kama akaunti yako inaomba uthibitisho kwenye simu wakati wa kuingia, nenda na simu yenye chaji na bando, vinginevyo utarudi nyumbani mikono mitupu.

Kabla hujaondoka kwenye kiti, hakikisha ulichobeba ndicho. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya faili, chagua `Properties`, utazame ukubwa. Viambatisho ndani ya eml hugeuzwa kuwa herufi za kawaida, na kugeuzwa huko kunavinenepesha kwa zaidi kidogo ya theluthi moja. PDF ya dada yetu ilikuwa na ukubwa wa MB 1.5, basi faili lake la eml linatakiwa kuwa kama MB 2 hivi. Likisomeka KB 20, kiambatisho hakimo. Ama amechukua ujumbe mwingine, ama mwajiri hakuambatisha faili bali aliweka kiungo cha kwenda Google Drive. Hili la pili hutokea sana kwa mafaili makubwa, kwa sababu Gmail haibebi kiambatisho kinachozidi MB 25 na badala yake humpa mtumaji kiungo. Kiungo kinahifadhiwa ndani ya eml, ila kilicho upande wa pili kinabaki mikononi mwa mwenye Drive, naye anaweza kukifuta au kukifunga wakati wowote. Ukikuta hivyo, fungua kiungo leo, pakua hati, na iweke kando ya eml kama faili la pili.

Kosa lingine liko kwenye jina. Kompyuta nyingi za Windows huficha herufi za mwisho za majina ya mafaili. Mtu ananakili maandishi ya ujumbe na kuyahifadhi kwa Notepad, na bila kujua anapata `barua.eml.txt`. Kwenye skrini linasomeka `barua.eml`, linaonekana sawa, lakini likibonyezwa linafunguka kama maandishi matupu. Ndani ya folda bonyeza `View`, na kwenye Windows 11 pia `Show`, kisha weka alama kwenye `File name extensions`, na jina lote litaonekana. Kama kuna `.txt` mwishoni, rudi upakue ujumbe wenyewe upya, kwa sababu maandishi yaliyonakiliwa si faili la eml hata ukiondoa herufi hizo. Jina lenyewe nashauri lianze na tarehe na lisiwe na nafasi wala alama za ajabu, mathalani `2025-03-14-kusitishwa-mkataba.eml`. Kubadilisha jina la faili hakugusi kilichomo ndani.

Kinachogusa cha ndani ni kulifungua kwa Notepad au Word, kurekebisha chochote hata nafasi moja, kisha kuhifadhi. Word hasa ni ya kuepuka, kwa sababu inaweza kuhifadhi kwa umbo lake na kuharibu mpangilio wote. Ili uweze kuonyesha baadaye kwamba faili halikuguswa, kuna kazi ndogo ambayo wakili atakushukuru kwa kuifanya mapema. Kwenye Windows, fungua `Command Prompt`, andika `cd Downloads` kisha `Enter`, halafu andika hivi:

```
certutil -hashfile 2025-03-14-kusitishwa-mkataba.eml SHA256
```

Itatoka mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi, 64 kwa jumla. Mfuatano huo unakokotolewa kutoka kwenye kila kilichomo ndani ya faili, kiasi kwamba ukibadilisha nukta moja, unaotoka ni mwingine kabisa. Uandike kwenye daftari pamoja na tarehe, akaunti uliyoitumia na kompyuta uliyopakulia, au utume kwa barua pepe kwako mwenyewe ili uwe na tarehe yake. Siku faili litakapofika kwa wakili, amri ileile ikitoa mfuatano uleule, mnajua kwamba lililofika ndilo lililoondoka. Wakili akihitaji kiapo cha kueleza jinsi barua ilivyopatikana na kutunzwa, sehemu kubwa ya maelezo atayatoa kwenye ukurasa huo wa daftari.

Flashi za steshenari zinajulikana kwa virusi. Ugonjwa wake wa kawaida ni kuficha mafaili yako yote na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale. Faili huwa bado lipo, limefichwa tu, lakini ukiwa ofisini kwa wakili hutaki kuanza kulitafuta. Kwa hiyo usitegemee flashi peke yake. Jitumie pia faili hilo kama kiambatisho kwenye barua pepe yako, au liweke Google Drive. Ukipita WhatsApp, litume kwa kuchagua `Document`.

Tufike sasa kwenye kompyuta ya pili. Ofisi ya wakili iko Kinondoni, kompyuta ni ya Windows, wakili anachomeka flashi, anabonyeza faili mara mbili, na Windows inamuuliza alifungue kwa programu gani. Hii haina maana kwamba faili ni bovu. Ni kwamba kompyuta haina programu ya barua pepe inayolitambua. Zamani Windows ilikuja na programu ya `Mail` iliyofungua eml bila maswali, lakini Microsoft iliacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2024. Ndiyo maana mtu aliyezoea kufungua mafaili haya miaka mitatu iliyopita anaweza kushangaa leo yanagoma.

Kama kuna Outlook ya zamani kwenye kompyuta hiyo, itafungua eml ingawa yenyewe huhifadhi kwa MSG. Kama haipo, njia ninayoiamini zaidi ni Thunderbird. Ni ya bure, inapatikana kwa Windows, Mac na Linux, na ikishawekwa unakwenda `File`, kisha `Open`, kisha `Saved Message`, unachagua faili. Inapofunguka mara ya kwanza hutaka uingize akaunti ya barua pepe. Funga ukurasa huo, huna haja ya kuweka akaunti ya mtu kwenye kompyuta ya ofisi ili kusoma barua moja. Ujumbe utaonekana kama ulivyokuwa: mtumaji, mpokeaji, tarehe, maneno, na chini kiambatisho kinachofunguka.

Pasipo ruhusa ya kuweka programu mpya, au intaneti ikiwa ya kusuasua, kuna njia ya kivinjari peke yake. Dada anamtumia wakili barua pepe yenye faili la eml kama kiambatisho. Wakili akiwa Gmail kwenye kompyuta, anakibonyeza kile kiambatisho, na ujumbe wa ndani unafunguka kwenye dirisha lake ukiwa na mtumaji wake halisi na tarehe yake halisi. Tovuti zinazotangaza kwamba zitakufungulia eml bure ukipakia faili kwao, ziache. Unamkabidhi mtu usiyemjua barua yenye jina lako, mshahara wako na pengine namba yako ya akaunti ya benki.

Ukiona baadhi ya picha hazipo, kwa mfano nembo ya kampuni juu ya barua, usishtuke. Picha nyingi za mapambo hazisafiri ndani ya barua pepe, huvutwa kutoka kwenye tovuti kila inapofunguliwa, na Thunderbird huzizuia mpaka uruhusu. Picha au hati iliyoambatishwa yenyewe haina tatizo hilo.

Mahali penye thamani kubwa zaidi ni pale ambapo macho ya kawaida hayafiki. Ndani ya Thunderbird bonyeza `Ctrl+U`, au lifungue faili kwa Notepad bila kuhifadhi chochote. Utaona maandishi mengi, na sehemu ya chini itakuwa herufi zilizojazana bila maana: hicho ndicho kiambatisho. Sehemu ya juu ndiyo ya kusoma. Kwa mfano wetu, mistari inayotuhusu ingefanana na hii:

```
Received: from mail.kampuni.example
    by mx.google.com;
    Fri, 14 Mar 2025 06:22:41 -0700 (PDT)
Authentication-Results: mx.google.com;
    dkim=pass header.i=@kampuni.example
Date: Fri, 14 Mar 2025 16:22:38 +0300
From: Rasilimali Watu <hr@kampuni.example>
Subject: Kusitishwa kwa mkataba
```

Hapo kuna saa mbili zinazoonekana kugombana, na nimeona watu wakihofia kwamba faili limechezewa. `Date` imeandikwa na kompyuta ya mtumaji, na `+0300` ni saa za Afrika Mashariki: 16:22, yaani saa 10:22 jioni. `Received` imeandikwa na seva ya Google ilipoupokea ujumbe, na Google hutumia saa za California. `-0700` inasema saa hizo ziko nyuma ya saa za dunia kwa saa 7, wakati sisi tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo tofauti ni saa 10. Chukua 06:22 uongeze 10, unapata 16:22 ileile, na kati ya kutumwa na kupokelewa zimepita sekunde tatu. Tofautisha mistari hiyo miwili. `Date` inategemea saa ya kompyuta ya mwajiri, ambayo inaweza kuwa imekosewa au kurudishwa nyuma kwa makusudi. `Received` ya juu kabisa imewekwa na upande wa mpokeaji, na mwajiri hana mkono humo. Kampuni ikidai kwamba ilituma barua wiki moja kabla, mstari wa kutazamwa ni huo.

`dkim=pass` nao una kazi yake. Seva ya mtumaji huweka saini ya kihesabu juu ya maneno ya ujumbe na baadhi ya mistari ya juu. Seva ya Google iliikagua saini hiyo kwa kutumia ufunguo ambao kampuni imeutangaza kwa jina la tovuti yake, ikakuta inalingana. Maana yake ujumbe ulisainiwa kwa ufunguo wa kampuni hiyo, na sehemu zilizosainiwa hazikubadilishwa njiani. Si kampuni zote zimeweka saini hii, hasa ndogo, kwa hiyo kutoiona hakufanyi barua kuwa ya uongo.

Lakini faili la eml ni maandishi, na maandishi yanaweza kuandikwa na yeyote mwenye Notepad. Hata huo mstari wa `dkim=pass` mtu angeweza kuuandika mwenyewe. Mtaalamu anaweza kuikagua saini upya kutoka kwenye faili, mradi ufunguo wa kampuni bado umetangazwa. Kampuni ikibadilisha ufunguo au tovuti yake ikifungwa, ukaguzi huo haufanyiki tena. Ndiyo maana faili halichukui nafasi ya ujumbe ulioko kwenye sanduku lako. Vinakwenda pamoja. Upande wa pili ukisema umetunga, unafungua Gmail mbele yao, vidoti vitatu, `Show original`, na Google yenyewe inaonyesha matokeo ya ukaguzi juu ya ukurasa. Usiufute ujumbe huo hata kama unakuumiza moyo kila ukiuona. Upe nyota, au uwekee lebo yake uhame kwenye kikasha cha kila siku.

Kwa sababu hiyohiyo, barua uliyoituma wewe ina uzito tofauti na uliyoipokea. Dada yetu akihifadhi eml ya ule ujumbe wake wa Jumamosi kutoka kwenye folda ya `Sent`, faili litafunguka vizuri, lakini halitakuwa na mstari wa `Received` wa seva ya mwajiri, kwa sababu nakala hiyo haikusafiri popote. Inaonyesha alichoandika na saa aliyotuma. Haithibitishi kwamba kilifika. Kinachomsaidia zaidi ni jibu la mwajiri la Jumatatu, kwa kuwa lilisafiri, na mara nyingi ndani yake huwa na mstari wa `In-Reply-To` unaotaja namba ya utambulisho ya ujumbe wake wa Jumamosi. Namba hiyo ndiyo ileile inayosomeka kwenye `Message-ID` ya nakala yake ya `Sent`. Wakili akiweka mafaili hayo mawili bega kwa bega na namba zikalingana, mwajiri atapata shida kusema hakuwahi kuupokea. Kwa hiyo kwenye flashi yawekwe mafaili matatu: la Ijumaa, la Jumamosi na la Jumatatu.

Mashauri huchukua muda, na simu za Dar huibiwa. Kabla ya yote hayo, ingia kwenye mipangilio ya akaunti ya Google uone namba ya simu ya kurejeshea akaunti ni ipi. Kama ni laini uliyoiacha miaka miwili iliyopita, ibadilishe leo, kwa sababu ukipoteza neno la siri, ujumbe wa kukurejesha utakwenda kwenye namba hiyo. Na kama akaunti hiyo uliifungua kwa ajili ya kuombea kazi tu na huitumii tena, fahamu kwamba Google inaweza kufuta akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili, pamoja na barua zote zilizomo. Ingia hata mara moja kila baada ya miezi michache mpaka shauri liishe.